Nimejaribu modeli 36, moja imetoa p ya 0.03: niripoti kwa njia ipi?

nasra_utafiti
Habarini wadau. Nina data ya kaya 400 kutoka vijiji 10, na swali la tasnifu yangu ni kama uanachama wa VICOBA unaendana na hali bora ya kaya. Hali hiyo nimeipima kwa njia sita: mavuno ya mahindi, matumizi ya mwezi, idadi ya milo, ada ya shule iliyolipwa, mifugo na akiba. Kila kipimo nimekiendeshea rigresheni tatu: bila vidhibiti, kisha na umri na elimu ya mkuu wa kaya, kisha nikaongeza ukubwa wa shamba. Zote nikazirudia kwa kaya zinazoongozwa na wanawake peke yake. Jumla modeli 36. Iliyojitokeza ni moja tu: ada ya shule, kaya za wanawake, vidhibiti vyote, p = 0.03.

Msimamizi anataka niandike hiyo. Mimi nataka msomaji ajue imetoka wapi. Naona njia nne: kusahihisha kwa Bonferroni, kugawa data nusu kwa nusu, kuweka jedwali la modeli zote, au kuiachia kompyuta ichague vigezo yenyewe. Ipi inafaa?

mchambuzi_wa_soko
Bonferroni, basi. Gawa 0.05 kwa 36 unapata 0.0014. Yako ni 0.03, haijapita. Hakuna cha kuripoti hapo.

kaka_odhiambo
Mie nafanya makadirio ya mauzo ya unga kwenye duka la jumla hapa Kisumu. Najaribu modeli hata hamsini na kuchukua ile iliyokisia vizuri miezi mitatu iliyopita. Sijawahi kuangalia p. Dada, acha kompyuta ichague, iondoe vigezo dhaifu kimoja kimoja, halafu uripoti vilivyobaki. Hapo mkono wako haumo.

mwalimu_juma
Odhiambo, mkono wake hautakuwemo, lakini upekuzi utakuwemo vilevile. Mwaka 1983 David Freedman alitengeneza data ya kubahatisha tupu: mistari 100, vigezo 50, hakuna kimoja kilichohusiana na tokeo. Akaendesha rigresheni, akabakiza vigezo 15 vilivyokuwa na p chini ya 0.25, akaendesha tena kwa hivyo 15 tu. Mara ya pili sita kati yao vilikuwa chini ya 0.05, na modeli nzima ikaonekana imara kabisa. Yote hayo ni kelele. Kompyuta ilichagua bila upendeleo wowote, na jedwali la mwisho bado lilidanganya, kwa sababu p za hatua ya pili hazijui kwamba kulikuwa na hatua ya kwanza.

bi_takwimu
Nianze na Odhiambo, maana kazi yake ni nyingine. Yeye anakisia mwezi ujao, na kujaribu modeli hamsini si kosa. Ila kosa la makadirio analotangaza lisipimwe kwa miezi ileile iliyomchagulia mshindi. Miezi hiyo itamsifia kupita kiasi. Aweke pembeni miezi mingine ambayo haikushiriki uchaguzi.

Nasra swali lake ni kama uhusiano upo. Mchambuzi ana haki ya kuogopa: kama modeli 36 zingekuwa huru, na hakuna kitu chochote ndani yake, uwezekano wa walau moja kutoa p chini ya 0.05 ni asilimia 84. Lakini modeli zake si huru. Tatu za ada zinatumia kaya zilezile na tokeo lilelile, tofauti ni kidhibiti kimoja hadi vitatu. Bonferroni inazihesabu kama majaribio 36 yasiyojuana, kwa hiyo inabana kuliko inavyostahili. Sahihisho la Holm ni bora kidogo kwa ujumla, ila kwa p iliyo ndogo kuliko zote mpaka wake ni uleule wa 0.0014, hivyo hapa haimsaidii.

Kugawa nusu kwa nusu ningekupendekezea kabla hujafungua data. Sasa umechelewa: "ada, kaya za wanawake" ulilipata ukiwa umetazama kaya zote, kwa hiyo nusu utakayoiita ya uthibitisho tayari ilipiga kura. Na hata ungeanza upya, gharama ni kubwa. p ya 0.03 ni t ya kama 2.2. Ukikata sampuli nusu inashuka hadi kama 1.5, hata kama uhusiano ni wa kweli na ukubwa wake ndio huo.

Unachoweza kufanya ni kuupima upekuzi wenyewe. Changanya uanachama ovyo ndani ya kila kijiji, endesha modeli zote 36, chukua p ndogo kuliko zote. Rudia mara 1000. Hapa `tafuta` ni fankisheni yako inayoendesha zote 36 na kurudisha p ndogo kabisa:

```r
halisi <- tafuta(d)
ovyo <- replicate(1000, {
  d2 <- d
  d2$vicoba <- ave(d$vicoba, d$kijiji, FUN = sample)
  tafuta(d2)
})
(1 + sum(ovyo <= halisi)) / 1001
```

Undugu wa modeli unabaki ulivyo, kwa kuwa kila mchanganyiko unapita njia ileile. Kasoro yake: inahesabu tu ulichokiandika kwenye skripti. Kama uliondoa kaya fulani kwa kutazama grafu, hilo halimo.

nasra_utafiti
Asante sana Bi. Nimeendesha, imetoa 0.37. Yaani uanachama wa kubahatisha unapata p ya 0.03 au chini yake zaidi ya mara moja katika tatu.

mchambuzi_wa_soko
Si nilisema? Jibu lilelile, mistari mingi zaidi ya msimbo.

bi_takwimu
Safari hii, ndiyo. Ingekuwa p yake ndogo ni 0.003, Bonferroni ingeikataa, na mchanganyiko pengine ungeipitisha. Na sikubali kwamba hakuna cha kuripoti. Nasra, weka jedwali la zote 36 kwenye kiambatisho, kadirio na upana wake, si p peke yake. Kisha ndani ya sura andika hivi: "Tuliendesha modeli 36. Uhusiano wenye p ndogo kuliko zote ulikuwa wa ada ya shule katika kaya zinazoongozwa na wanawake, p = 0.03. Upekuzi wa namna hii hutoa p ndogo kama hiyo au chini yake kwa bahati katika asilimia 37 ya michanganyiko. Tunauripoti kama wazo la kupimwa kwa data mpya."

mwalimu_juma
Naongeza moja ambalo mchanganyiko hauligusi. Anayejiunga na VICOBA mara nyingi ni yule mwenye cha kuweka. Hata p ingekuwa 0.0001, isingesema kikundi ndicho kilicholipa ada.

nasra_utafiti
Nakubali, Mwalimu. Mwenzangu ana dodoso hilohilo kutoka wilaya jirani, kaya 350, bado sijaifungua. Naandika mpango na kumkabidhi msimamizi kabla ya kuipokea. Je, mpango utaje ada kwa kaya za wanawake pekee, au vipimo vyote sita?

bi_takwimu
Ada pekee, modeli moja, na vidhibiti vilevile ulivyotumia.

mwalimu_juma
Mie ningeweka vyote sita, ada ikiwa ya kwanza na vingine kwa Holm. Kaya za wanawake kwenye hizo 350 zinaweza kuwa chache mno kubeba swali moja peke yake. Zihesabu kwanza, bila kugusa safu ya ada.