Kurudisha sauti ya msimulizi kwenye chati mpya: aya za zamani, maelezo au muhtasari?

binti_pangani
Habari za jioni wakuu. Naandika hadithi ya mfululizo, msimulizi wangu ni Bi Mwanaidi, mpika vitumbua wa Pangani. Sura mbili za kwanza niliandika mwenyewe, kisha nikaanza kusaidiana na akili mnemba. Chati ikawa ndefu mno, majibu yanachelewa, mambo ya sura ya pili imeshayasahau. Nimefungua chati mpya na Bi Mwanaidi wangu hayupo tena. Nimejaribu njia tatu.

Ya kwanza, kuieleza: "andika kwa sauti ya bibi wa pwani, mcheshi, mkavu wa maneno." Nikapata hiki:

> Bi Mwanaidi alikuwa mwanamke mwenye hekima nyingi ambaye alikuwa akiishi karibu na bahari. Alimtazama kijana huyo kwa macho yaliyojaa huzuni.

Ya pili, niliiomba chati ya zamani ifanye muhtasari, nikaubeba kwenye mpya. Matukio ilishika vizuri, hata jina la jahazi. Lugha ni ileile ya hapo juu.

Ya tatu, nilibandika aya hii ya sura ya kwanza, bila maelezo:

> Nikamwambia, mwanangu, kaa. Hakukaa. Akasimama mlangoni kama mdai. Basi nikageuza kitumbua changu, nikanyamaza. Mwenye shida husema mwenyewe.

Hapo lugha ilisogea, lakini ikaniletea tena kijana mwingine anasimama mlangoni na kitumbua kinageuzwa! Na sura hii inatokea kivukoni. Nyie mnatumia ipi?

juma_wa_juma
Chati haipotei dada. Upande wa kushoto kuna historia, ingia humo utaikuta yote.

binti_pangani
Asante kaka, ninayo. Tatizo si kuipata, ni kwamba haifai tena kuendelea nayo.

kibe254
Aya moja ni kidogo sana. Mimi huitupia sura zote nilizonazo ndiyo nianze. Ikisoma kazi yako yote itakujua tu. Mambo ya kuchaguachagua ni kupoteza muda.

mhariri_mzee
Kibe yuko sahihi kwamba aya moja haitoshi. Kwa kutupia zote simfuati. Kwanza, hiyo ndiyo shida aliyokimbia binti: chati inajaa kabla kazi haijaanza, na Kiswahili hula nafasi zaidi ya Kiingereza kwenye mitambo hii. Pili, ukiipa sura nzima inashika hadithi zaidi ya usemi. Utaona inaendeleza njama yako wakati ulitaka mtindo tu.

Binti, tazama hizo aya zako mbili kwa karibu. Wewe unasimulia kwa -ka-: nikamwambia, akasimama, nikageuza. Yenyewe inasema alikuwa, alimtazama, alikuwa akiishi. Wewe huna hata "ambaye" moja. Na Bi Mwanaidi anasema "mimi", yenyewe imemtazama kwa nje. Neno "mcheshi" halibebi lolote kati ya hayo, ndiyo maana maelezo yalishindwa. Muhtasari nao husema nini kilitokea, hausemi kilisemwaje. Usiutupe, lakini kazi yake ni kutunza matukio.

Mimi ningechukua aya tatu, jumla maneno kama mia tatu hivi. Moja ya masimulizi, moja ya watu wakijibizana, moja ambayo hakuna kinachotokea, bibi anawaza tu. Ukiweka ya majibizano peke yake, ikifika kwenye kuwaza itarudi kwenye "macho yaliyojaa huzuni". Zitoke kwenye sura ulizoandika kwa mkono wako, si mwisho wa ile chati, maana huko sauti ilikwisha kulegea. Halafu uziwekee mipaka:

```
SAMPULI YA MTINDO (mwanzo)
...aya tatu...
SAMPULI YA MTINDO (mwisho)

Fuata namna ya kusema tu: nafsi ya kwanza,
sentensi fupi, masimulizi kwa -ka-.
Usichukue watu, vitu wala matukio ya sampuli.
Andika aya moja: Bi Mwanaidi anangoja kivuko.
```

Agizo likae chini ya sampuli ili liwe la mwisho kusomwa. Muhtasari wa matukio uupe kichwa chake, mbali na sampuli. Na uanze na aya moja ya kujaribia. Ukiona kitumbua au mlango kivukoni, ujue sampuli imevuja, usiendelee mbele.

duka_la_asha
Mie siandiki hadithi, naandika matangazo ya madera ya kuweka status. Nabandika tangazo langu la zamani naambiwa "fuata hili". Linanirudishia bei za mwaka jana! Mteja mmoja kanibana nimuuzie kwa bei hiyo. Siku hizi bei na rangi nazifuta kwenye sampuli, naacha nafasi tupu.

mhariri_mzee
Hilo zuri, Asha. Kisichokuwemo hakiwezi kuvuja. Kwenye hadithi ni vigumu zaidi, ukitoa vitu vyote aya inakufa.

binti_pangani
Nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema mzee, aya tatu na mipaka. Hii ndiyo aya ya kujaribia:

> Kivuko kikachelewa. Nikaweka kapu chini, nikakaa juu yake. Mwenye haraka na apige mbizi. Nahodha akanitazama, nami nikanyamaza.

"Na apige mbizi" nimecheka mwenyewe, ni yeye kabisa. Ila nilipoendelea, kila aya inaishia na "nikanyamaza". Na methali au maneno ya mkato hayaishi.

mhariri_mzee
Hesabu kwenye sampuli yako. Nadhani "nikanyamaza" imo kwenye aya mbili kati ya tatu, na zote mwishoni.

binti_pangani
Kweli! Aya mbili.

mhariri_mzee
Basi imeona kuwa hiyo ndiyo sheria. Kwa msomaji wa sura nzima ni mara mbili kwenye kurasa nyingi, kwa mtambo ni theluthi mbili ya yote unayoyajua. Badilisha aya moja, weka inayoishia kwingine. Ni bora kuliko kuiambia "usiseme nikanyamaza", kwani mara nyingi itaweka "nikakaa kimya".

binti_pangani
Nimebadilisha, imetulia. Lakini kama kurasa mbili mbele "ambaye" zimeanza kurudi na -ka- inapungua.

kibe254
Hapo sasa chukua ile aya nzuri ya kivuko iwe sampuli mpya, usonge nayo. Mimi hufanya hivyo na inakubali.

mhariri_mzee
Hapo ndipo tunapoachana. Ukiilisha maandishi yake yenyewe, kila duru inazidisha kile ilichokipenda na kuacha kile ilichoshindwa. Ningefungua chati mpya kwa kila sura na kubandika aya zilezile za mkono wake, au nizirudie katikati ya sura mara "ambaye" ya pili ikitokea.

kibe254
Mzee, mimi nina sura kumi na wasomaji hawajalalamika.

duka_la_asha
Na kama aya ya kivuko akiipitia kwanza kwa kalamu yake, akabadilisha anachotaka, inahesabika ya nani?

binti_pangani
Asha, hilo ndilo nalojaribu usiku huu. Ile ya nahodha nimeshaikata nusu.