Benki iliyopokea pesa zangu inanifukuza kaunta: "Wewe si mteja wetu"

Mwana_Mkomani:
Jamani, nimeghadhibika hata chai haipiti. Tumemnunulia baba mashine ya boti kwa muuzaji wa Mombasa, shilingi 186,000. Nikatuma kutoka benki yangu kwa nambari iliyo kwenye ankara yake. Kumbe muuzaji kapindua tarakimu mbili, 47 imekuwa 74, na pesa zimeingia kwa mtu baki aliye benki ile ile ya muuzaji. Na jina nililojaza ni la muuzaji! Benki gani inaona jina la huyu na kumpa yule?

Benki yangu wanasema wameshawaandikia wenzao, ningojee. Nikaenda mwenyewe na barua kwenye tawi lao hapa Lamu. Dada wa kaunta akaisoma nusu, akaisukuma kwa kidole kimoja ipite chini ya kioo inirudie. Barua yenyewe hii:

"Nataka pesa zangu 186,000 leo hii, na mnipe jina na simu ya huyo aliyezila."

Wallahi wanamlinda mwizi.

Kijana_wa_Shela:
Usiwabembeleze. Pesa si zake kisheria, kwa hiyo benki inalazimika kumkata na kukurudishia. Waambie hivyo.

Bi_Zuhura:
Pole mwanangu. Mimi nilikosea nambari ya M-Pesa, nikapeleka ule ujumbe kwa 456, zikarudi. Jaribu hiyo.

Mwana_Mkomani:
Shukran Bi Zuhura, lakini hii ni benki kwa benki. 456 haihusiki.

Karani_Mstaafu (Malindi):
Kijana wa Shela kapata nusu. Pesa si za yule mtu, kweli, na akizing'ang'ania huku akijua zimemjia kimakosa, kifungu cha 35 cha sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 kinamhusu: faini isiyozidi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Lakini benki kumkata mteja wake bila idhini yake wala amri ya mahakama, hapo wataogopa, na ndiyo maana kaunta wanakuwa wagumu. Na jina ulilojaza huenda halikusomwa na yeyote. Mifumo mingi hufuata nambari.

Sasa barua yako, Mwana Mkomani. Umeomba vitu viwili ambavyo hawawezi kukupa, basi wakapata sababu ya kukurudishia. Jina la mteja hawalitoi bila amri ya korti. Omba wanavyoweza. Mwandikie meneja wa tawi, utaje benki uliyotumia, tarehe, kiasi, nambari ya muamala, nambari iliyopokea na ile iliyokusudiwa. Halafu useme:

"Kiasi hiki kimeingizwa kimakosa. Naomba mkizuie kisitolewe, mumjulishe mwenye akaunti na kumwomba idhini ya maandishi ya kukirejesha kupitia benki yangu, kisha mnijibu kwa maandishi."

Ambatisha uthibitisho wa muamala, ankara, kopi ya kitambulisho na nambari ya OB ya polisi. Nenda na nakala mbili, na usiondoke kaunta bila muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Huo muhuri ndio mali. Kuanzia hapo hawawezi kusema hawakujua, na nakala hiyo ndiyo utakayowapelekea Benki Kuu ukilalamika, au hakimu.

Fanya haraka. Kama akaunti ile ina deni, mkopo uliochelewa kwa mfano, mfumo unaweza kuzimeza pesa usiku huo huo. Hapo benki yenyewe imefaidika na inageuka kuwa upande wa pili wa kesi.

Kijana_wa_Shela:
Na mwenye akaunti akikataa?

Karani_Mstaafu (Malindi):
Korti. Mahakama ya Madai Madogo inachukua kesi zisizozidi milioni moja. Tatizo ni kumshtaki mtu usiyemjua jina, kwa hiyo unaweza kuhitaji kwanza amri ya kuilazimisha benki imtaje. Hapo tafuta wakili. Polisi pia wanaweza kuomba rekodi kwa amri ya hakimu, ila usitegemee mbio zao.

Mwana_Mkomani:
Nimerudi na barua mpya. Dada yule yule kataka kunipeleka Mombasa, nikaomba kumwona meneja. Muhuri nimepigiwa. Meneja anasema simu ya mwenye akaunti haipatikani, na kuhusu zuio "tutaangalia".

Muuzaji naye sasa anasema mashine haitoki mpaka aone pesa. Nambari kakosea yeye kwenye ankara yake! Mzee Karani, hasara hii ni yangu au yake?

Karani_Mstaafu (Malindi):
Ankara ile usiipoteze, hata bahasha yake. Ulilipa ulipoelekezwa, una hoja nzuri. Yeye atasema ungempigia kuhakikisha kabla ya kutuma. Nimeona hoja hiyo ikienda pande zote mbili.

Bi_Zuhura:
Mpelekee muuzaji mtu mzima azungumze naye, mwanangu. Na baba anavua na nini sasa?

Mwana_Mkomani:
Kaazima mashine ya jirani, Bi Zuhura, na samaki wanagawana. Kesho narudi kwa meneja kuuliza zuio limewekwa au la. Nataka jibu la maandishi.