Tiki ya bluu imetuponza, nifanyeje wateja waamini wauzaji wasiowajua?

Mchuuzi Mtandaoni:
Wakuu salama? Nina soko la mtandaoni la simu za mtumba, wauzaji wengi wako Kariakoo na wateja wengi mikoani. Muuzaji akituma picha ya NIDA nampa tiki ya bluu, "Muuzaji Amethibitishwa". Sasa mwezi uliopita mteja wa Sumbawanga kanunua simu ya laki mbili na themanini, kufika betri inakata ikiwa asilimia 40, muuzaji hapokei simu, jamaa kaweka skrinshoti ya tiki yetu kila grupu la WhatsApp kwamba sisi ndo matapeli. Nafikiria kubadili jina na logo nianze upya. Mnasemaje?

kiwembe88:
Badili jina fasta, watu wanasahau. Halafu weka nyota na rivyu kama wenzako, muuzaji mbovu atajulikana tu.

Bibi Hesabu:
Mchuuzi, jina litabadilika ila tatizo unahama nalo. Wewe ulikagua kitambulisho, mteja akasoma kwamba umeikagua simu. Toa hilo neno "Amethibitishwa" likiwa peke yake, andika ulichokifanya na lini: "Kitambulisho kimekaguliwa Machi", "Duka tumelitembelea Juni". Hapo mteja anajua betri hukuigusa.

Kwa simu zenyewe, muuzaji abonyeze *#06# apige picha namba inayotokea, na kabla tangazo halijapanda wewe utume hiyo IMEI kwenda 15090 ya TCRA. Ikirudi modeli nyingine na aliyoandika, tangazo halipandi. Ila hiyo haisemi chochote kuhusu betri wala kioo kilichobadilishwa, kwahiyo usije ukaiita "simu imekaguliwa", utarudi palepale.

Kiwembe yuko sahihi nusu. Rivyu ziwe za mtu aliyelipia ndani ya soko na oda yake ikafungwa, la sivyo shemeji na binamu watampa nyota tano kabla hajauza hata chaja.

Mama Tabasamu:
Hiyo ya 280 bado ipo? Betri nitabadilisha mwenyewe.

Mchuuzi Mtandaoni:
@Mama Tabasamu mimi siuzi dada, nina soko tu 😅
@Bibi Hesabu asante sana mama. Ila bango letu linasema "Rudisha ndani ya siku 7", je hilo halitoshi kuwatuliza?

Bibi Hesabu:
Na kwenye apu mmeandika siku ngapi? Na binti wa huduma kwa wateja anajibu nini?

Mchuuzi Mtandaoni:
Duh. Apu inasema 3. Binti anasema "inategemea na muuzaji".

Bibi Hesabu:
Basi brandi yako ndo hiyo, majibu matatu kwa swali moja. Nipe namba zako.

Mchuuzi Mtandaoni:
Oda kama 90 kwa mwezi, wastani 120,000, komisheni yetu asilimia 6. Malalamiko ya kweli 5 hivi.

Bibi Hesabu:
Komisheni ni 648,000. Ukirudisha hizo tano mfukoni kwako ni 600,000, umebaki na hela ya vocha. Ndo maana binti anakwepa, kaambiwa atoe ahadi ambayo ofisi haina hela yake. Hela ya muuzaji isitoke mpaka mteja apokee na zipite saa 48, hapo unarudisha hela ambayo bado ipo. Wachina wa soko la mtandaoni la Taobao walikwama hapohapo, ndo ikaja Alipay 2004, ya kushikilia hela mpaka mteja apokee mzigo. Saa zianze mzigo unapochukuliwa stendi, sio unapopakiwa Dar, maana huyo wa Sumbawanga muda ungeisha yuko anasubiri basi. Na usizikalishe hizo hela kwenye laini yako binafsi, sheria ya mifumo ya malipo ya 2015 inataka leseni ya BoT, tafuta benki au kampuni ya malipo yenye leseni. Ukishapata hilo, andika saa 48 kila mahali, bango la siku 7 lishuke leo.

Mpiga Debe Mstaafu:
Mimi nilipigwa kwa muuzaji mwenye tiki kabisa, soko jingine sio hili, kumbe mwenye akaunti aliiuza na nyota zake zote. Jina la NIDA lilikuwa la mwanamke, la kwenye lipa namba la mwanaume mwingine kabisa.

Bibi Hesabu:
Hapo sasa. Namba ya malipo ikibadilika tiki inazimika yenyewe mpaka akaguliwe tena.

kiwembe88:
Ukiwashikia hela saa 48 wauzaji wa Kariakoo watakuhama, wale wanazungusha mtaji kila siku.

Bibi Hesabu:
Wengine watahama kweli. Walio na oda 20 safi unaweza kuwapunguzia, ziwe 24, ila iandikwe kwenye ukurasa wao mteja aone.

Mama Tabasamu:
Na nauli ya basi kurudisha mzigo analipa nani?

Mchuuzi Mtandaoni:
Hiyo bado tunabishana na mwenzangu ofisini. Nataka muuzaji alipe kama kitu sicho, mteja alipe kama kabadili mawazo tu. Nimempigia muuzaji mmoja sasa hivi kumjaribu, kakata simu.