Mjadala: Mwanafunzi akatwe alama kwa sababu ya mapigo ya moyo?

Mama wa Shangani, Mtwara:
"Binti yangu ana miaka 15. Wamekimbia mfululizo dakika 20, akiwa anazungumza na mwenzake njia nzima, lakini alipohesabu mapigo alipata 176 na kiwango alichopewa ni 133 hadi 164. Amekatwa alama 5 kwa kuambiwa kwamba amejikamua kupita kiasi. Je, hiyo ni haki?"

Mzee wa Mbio, Nachingwea:
Mama, mambo haya ya kuhesabu mapigo yamekuja kuwadekeza watoto. Mwaka 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, na sijasikia popote kwamba alisimama njiani kujishika mkono. Tatizo la watoto wa pwani ni kwamba wamezoea kukaa kivulini, kwa hiyo moyo ukidunda kidogo tu wanatafuta daftari.

Mkazi wa Mikindani:
Mzee wangu, shikamoo, lakini neno hilo la kivulini sitalipitisha hivihivi. Njoo ukimbie huku saa nne asubuhi, wakati upepo wa bahari haujaanza kuvuma na jasho halikauki mwilini, halafu utuambie nani mvivu. Ninyi mliozoea hewa kavu ya bara mnashuka huku na kuanza kuhema kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza wa uwanja.

Mwalimu wa michezo, Masasi:
Ugomvi wenu wa pwani na bara umegusa jambo la msingi bila wenyewe kujua. Katika joto lenye unyevu damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe, na jasho hupunguza maji yaliyomo katika damu, hivyo kila pigo husukuma damu pungufu na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi. Mwendo unaweza kuwa uleule kabisa, lakini mapigo ya dakika ya 20 yakazidi yale ya dakika ya 8 kwa 10 au zaidi. Mapigo hayo hayadanganyi kuhusu kazi anayofanya moyo. Hata hivyo, hayathibitishi kwamba mtoto ameongeza mwendo, na ndiyo maana kumwadhibu kwa kuyatazama hayo peke yake ni kosa.

Mwanachuo wa Lindi:
Hesabu yenyewe ya mwalimu wake ni ya kizamani. Amechukua 220, akatoa miaka 15, akapata 205, kisha akakata asilimia 65 hadi 80. Alipaswa kutumia hesabu ya Karvonen, ambayo huanza na mapigo ya mtu akiwa amepumzika. Mama, binti yako ana mapigo mangapi akiwa hajainuka kitandani?

Mama wa Shangani:
Tumehesabu leo alfajiri kwa dakika nzima, nikiwa nimeshika simu na yeye amejishika mkono. Ni 78.

Mwanachuo wa Lindi:
Basi jibu limepatikana. 205 ukitoa 78 inabaki 127. Asilimia 65 ya hiyo ukijumlisha na 78 unapata 161, na asilimia 80 inakupeleka 180. Mapigo 176 yamo ndani ya kiwango, kwa hiyo alama 5 zirudishwe.

Mwalimu wa michezo, Masasi:
Kijana, umetumia hesabu nzuri kwa njia isiyo sahihi. Asilimia 65 ya mapigo ya juu kabisa na asilimia 65 ya yale yanayobaki baada ya kutoa ya mapumziko si jitihada moja. Ukibadili hesabu na kuacha asilimia zilezile, umepandisha kiwango cha darasa zima, na mtoto ambaye jana alikuwa sawa kwa mapigo 140 leo ataambiwa anatembea. Ukihamia kwa Karvonen ni lazima ushushe asilimia zenyewe.

Zaidi ya hapo, wewe na mwalimu wa binti nyote mmeanzia kwenye 205 ambayo hakuna aliyeipima. Kutoa umri kwenye 220 ni makadirio ya jumla, na hata kwa watu wazima takribani mmoja kati ya watatu hukosewa kwa mapigo zaidi ya 10, juu au chini. Kwa vijana hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mapigo yao ya juu kabisa huzunguka 200 na hayashuki pigo moja kila wanaposherehekea siku ya kuzaliwa.

Mama, mimi ningependa kujua alivyohesabu. Alitumia sekunde ngapi, na alianza muda gani baada ya kusimama?

Mama wa Shangani:
Anasema walihesabu sekunde 15, akapata 44, wakazidisha kwa 4. Yeye alihesabu palepale kwenye mstari kwa sababu alikuwa karibu na mwalimu mwenye saa. Wengine walitembea kwanza hadi chini ya mwembe, wakasubiri zamu.

Mwalimu wa michezo, Masasi:
Hapo ndipo penye dhuluma. Moyo wa kijana hupoa haraka, na ndani ya dakika ya kwanza unaweza kushuka mapigo 30 au zaidi. Aliyekimbia kama anayefukuzwa na nyuki, kisha akangoja zamu chini ya mwembe, anaweza kuandika 150 na kupewa alama zote, huku aliyehesabu kwa uaminifu akikatwa. Darasa zima linapaswa kusimama kwa filimbi moja, kila mtu akiwa tayari ameweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono mwingine, upande wa kidole gumba, na kuanza kwa sauti moja. Mimi hutumia sekunde 10. Kukosea pigo moja kunaleta tofauti ya 6 badala ya 4, lakini moyo haupati nafasi ya kushuka sana. Pigo linaloangukia kwenye neno "anza" huhesabiwa sifuri, wala si moja.

Mwalimu mwingine, Newala:
Mwenzangu, una wanafunzi wangapi? Mimi nina 70 na kipindi cha dakika 40. Tena, ukiwasimamisha katikati ili wahesabu, hiyo si mbio ya mfululizo tena, na ukiwasubiri hadi mwisho, wamechelewa kurekebisha mwendo. Mimi huwaambia waseme sentensi ndefu wakiwa wanakimbia. Anayeishia kwenye neno la tatu apunguze.

Mwalimu wa michezo, Masasi:
Sentensi ni nzuri na mimi huitumia, ila haimwachii mwanafunzi kitu cha kulinganisha wiki ya tano na ya kwanza. Alama ningetoa kwa namba iliyohesabiwa vizuri na maelezo ya mwanafunzi mwenyewe: alihisi vipi, jua lilikuwaje, na safari ijayo atafanya nini.

Mzee wa Mbio, Nachingwea:
Kwa hiyo siku hizi mbio zinasahihishwa kama insha.

Mama wa Shangani:
Nawashukuru wote. Jumamosi tumejaribu wenyewe, umbali uleule na muda uleule, kwa sekunde 10. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alipata 27, yaani 162. Jumapili, saa nne, alipata 29, yaani 174, na mara zote mbili alikuwa anapiga soga na mdogo wake aliyekuwa kwenye baiskeli.

Mwanachuo wa Lindi:
Tofauti ya mapigo mawili katika sekunde 10 inaweza kuwa kosa la kuhesabu tu, mama, wala si joto.

Mkazi wa Mikindani:
Wewe nawe njoo ukimbie saa nne.