Mtoto kanywa pombe, mnasema "mwacheni alale". Sukari yake mmepima?

Shangazi_Mtu: Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mpwa wangu ana miaka miwili, kilo 11. Nyumbani kulikuwa na wageni, yeye akalala mapema bila kula cha maana. Alfajiri akaamka kabla ya watu, akakuta glasi mezani, akamaliza masalio ya pombe kali. Mama yake alimkuta anayumba, mdomo unanuka. Wakamkimbiza hospitali, jina sitaji. Aliyewapokea akacheka: "Kalewa huyu, mwacheni alale, itaisha yenyewe."

Kweli akalala. Baadaye akaanza kutoka jasho, mikono ikawa ya baridi, ukimwita haitiki. Halafu degedege. Daktari mwingine aliyekuwa anapita ndiye aliyeuliza, "Sukari yake ngapi?" Wakatazamana. Wakamtoboa kidole: 1.6, iko chini mno. Akawekewa glukosi kwenye mshipa, na haikuchukua muda akafumbua macho na kulia.

Mashine ya kupimia ilikuwa palepale mezani muda wote! Tone moja la damu! Mtoto alilala pale akizidi kuzama, na watu wanaona ni kichekesho?

Baba_Pacha: Pole sana. Ila dada, pombe ikishaingia dawa yake ni kumtapisha haraka na kumpa maziwa mengi yavunje sumu. Na sukari pia mpeni, hapo mko sahihi.

Nesi_wa_Dharura: Baba Pacha, kwenye sukari umepatia, kwenye kutapisha hapana. Mtoto aliyelegea akitapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Na maziwa hayavunji pombe. Pombe inaingia kwenye damu upesi, hata mkaa wa dawa hauinasi.

Shangazi, hasira yako ina haki. Mtu akikaa na njaa, ini ndilo linalotengeneza sukari mpya ya kulisha ubongo. Pombe ikifika, ini linaacha kazi hiyo na kuhangaika nayo. Mtu mzima ana akiba ya kumvusha. Mtoto mdogo akiba yake ni kidogo, na huyo alishaimaliza usiku kucha. Ndiyo maana asubuhi kabla ya kifungua kinywa ni wakati mbaya kuliko yote. Sukari inaweza kushuka saa kadhaa baada ya kunywa, hata kama pombe kwenye damu si nyingi. Kipimo kimoja kizuri hakitoshi. Unarudia kila baada ya muda mfupi.

Na aliyelewa na aliyeishiwa sukari wanafanana: wote wanayumba, wote wanasinzia. Kwa macho huwezi kuwatenganisha.

Mwana_wa_Mzee: Mzee wangu ana kisukari, sukari ikishuka tunamchoma glukagoni anaamka. Kwa nini hawakumchoma mtoto hiyo? Na je, mzee aache bia?

Nesi_wa_Dharura: Glukagoni inaliamuru ini litoe sukari iliyohifadhi. Kwa mtoto huyu ghala lilikuwa tupu, ungechoma bure. Anahitaji glukosi yenyewe mshipani. Mzee na bia yake muulize daktari wake, maana wa insulini naye pombe humshusha.

Mama_Wawili: Wangu alilamba sanitaiza kiganjani. Nimkimbize?

Nesi_wa_Dharura: Kulamba kiganja kilichokwisha kupakwa ni kidogo mno, mpe chakula na umwangalie. Kunywa ndiyo habari nyingine. Chukua sanitaiza ya asilimia 70: mililita 15, vijiko vitatu vya chai, ni takribani gramu 8 za pombe. Kwa mtoto wa kilo 10 damu yake inafika karibu gramu 1.3 kwa lita, kiwango cha mtu mzima aliyelewa kweli. Dawa ya kusukutulia mdomo na baadhi ya dawa za kikohozi za maji nazo zina pombe, soma chupa. Nenda nayo hospitali.

Baba_Pacha: Sawa, tapisha nimeiacha. Lakini njiani nifanye nini kama hospitali iko mbali?

Nesi_wa_Dharura: Akiwa macho na anameza vizuri, mpe kinywaji chenye sukari au chakula. Akiwa hajitambui, usimnyweshe kitu: mlaze ubavu, mfunike maana pombe inampoza, na unaweza kumwekea sukari iliyoloweshwa kidogo chini ya ulimi mkiwa mnakwenda. Mkifika tu, sema hivi: "Amekunywa pombe, hajala tangu jana, mpimeni sukari sasa hivi."

Mama_Wawili: Na kama ni funda moja tu la bia, na anacheza vizuri?

Nesi_wa_Dharura: Hapo hata sisi kazini hatukubaliani. Wengine wanamwacha nyumbani baada ya kula. Mimi chini ya miaka mitano, akiwa na njaa, namleta apimwe.

Shangazi_Mtu: Tulipeleka barua. Jibu: "Utaratibu ulifuatwa." Nimewaomba waniletee huo utaratibu nisome ni mstari gani unaosema mtoto aliyelewa hapimwi sukari. Bado hawajajibu, na mimi kesho niko pale dirishani.