Kijana wa matangazo kaniwekea saa ya uongo, akaunti imefungiwa na wateja wananiita tapeli

MamaNazi_Tanga:
Wakuu, nina hasira na sitaficha.

Nauza mafuta ya nywele ya nazi, nakamua mwenyewe. Mwezi uliopita nililipa laki tatu na nusu kwa kijana mmoja, simtaji, anisimamie matangazo ya kulipia na ukurasa wa kuagizia. Nikampa picha na bei, 15,000 kwa chupa, nikarudi kukalia mbuzi yangu nikune nazi.

Wiki ya pili mteja wangu wa siku nyingi akanipigia: "Shoga, Jumatatu ulisema ofa inaisha baada ya dakika 15 na zimebaki chupa 3. Nimekopa kwa jirani nikalipa mbiombio. Leo Alhamisi nimefungua, dakika 15, chupa 3. Umenifanya mjinga?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikafungua kwenye simu ya mwanangu: 14:59. Nikafunga, nikafungua: 14:59 tena. Pembeni imeandikwa "Ilikuwa 30,000, sasa 15,000". Tangu nianze biashara sijauza chupa kwa 30,000! Na tangazo lenyewe linasema nywele zinakua inchi 2 kwa siku 14, uhakika asilimia 100, na picha za kabla na baada za mwanamke nisiyemjua.

Juzi akaunti ya matangazo ikafungiwa. Kijana nilipombana akasema, "Mama, mteja asipoharakishwa hanunui." Nataka hela yangu. Na nataka kujua, kilichonifungia ni saa au maneno?

Bwana_Kofia:
Pole dada. Mafuta hayo yanafaa kwa upara? Wangu una miaka sita sasa.

MamaNazi_Tanga:
Kaka, hayaoteshi nywele palipo na upara. Yanalainisha na kupunguza kukatika, basi. Ndiyo maneno niliyompa yule kijana akayatupa.

Mzee_wa_Chap:
Ni hiyo saa tu. Itoe, fungua akaunti nyingine, kesho unaendelea.

FundiMatangazo:
Mzee, saa itoke kweli, lakini akaunti mpya asifungue. Kukwepa kifungo kwa akaunti nyingine ni kosa lingine, na hiyo ya pili nayo hufungwa.

Mama, mwanao afungue ukurasa kwenye kompyuta, abonyeze `Ctrl+U`, atafute neno `Date.now`. Weka hapa utakachokuta.

MamaNazi_Tanga:
Amekuta hivi:

```js
let mwisho = Date.now() + 15 * 60 * 1000;
let zimebaki = 3;
```

FundiMatangazo:
Ushahidi huo, upige picha kabla kijana hajaufuta. Mstari wa kwanza unachukua saa ya sasa kwenye simu ya mteja na kuongeza dakika 15, kwa hiyo kila anayefungua anaanza upya. Wa pili ni namba iliyoandikwa kwa mkono. Haijui stoo yako ina nini.

Ila kilichokuponza, kwa ninavyoona mimi, ni inchi 2 na zile picha mbili. Nywele za kichwani hukua kama nusu inchi kwa mwezi, hivyo inchi 2 ni habari ya miezi minne. Matangazo ya afya na urembo hukaguliwa kwa jicho kali, na ukaguzi hauishii kwenye picha, unafuata hadi ukurasa anakopelekwa mteja. Kwa hiyo safisha ukurasa wote kwanza, ndipo uwaombe waliokufungia wapitie upya. Ukiomba wakati inchi 2 bado zipo, unawathibitishia kosa.

Abiria_Mchovu:
Mimi tiketi ya basi. "Zimebaki siti 2, lipa sasa." Nikalipa, nikapanda, nusu ya basi tupu. Sijalipanda tena basi hilo.

Mzee_wa_Chap:
Basi neno "zimebaki" lipigwe marufuku kabisa.

FundiMatangazo:
Hapana, likiwa kweli ni haki ya mteja kujua. Mama, kwa wiki unakamua chupa ngapi?

MamaNazi_Tanga:
Arobaini, nikizidisha mkono unauma. Zikiisha, mpaka Jumanne.

FundiMatangazo:
Andika hivyohivyo: "Wiki hii chupa 40. Zikiisha, mzigo mwingine Jumanne." Namba uishushe kila unapouza. Ukitaka ofa, weka tarehe moja kwa wote, na ikifika bei ipande kweli. Ile 30,000 ifute. Bei ya zamani ni ile uliyowahi kuuzia watu.

Mwanaidi_Dukani:
Mimi nimeandika ukweli miezi mitatu. Jirani yangu mwenye saa ya uongo ananizidi mauzo, na hajafungiwa. Hilo mnalisemaje?

FundiMatangazo:
Wapo wanaopita muda mrefu, siwezi kukudanganya. Muulize wangapi wanarudi kununua mara ya pili.

Mwanaidi_Dukani:
Kodi ya fremu nalipa mwezi huu, siyo mara ya pili.

MamaNazi_Tanga:
Mimi nauza kwa wanaorudi, na chupa moja inaisha baada ya mwezi. Yule mteja aliyekopa nimempelekea 15,000 yake jioni hii, mafuta nikamwachia. Amepokea, hajasema kitu. Ukurasa tumeufuta wote. Kijana nimemtumia picha ya ile mistari miwili, ameiona, hajajibu.