Singo kebini au dabo kebini kwa fundi mwenye vijana na vifaa vyake?

FundiDari
Wakuu habari za jioni. Nafanya dari za jipsamu na skimu, niko Dar, saiti zangu nyingi ni Kigamboni, Bunju na siku hizi Kibaha. Nina vijana watano wa kudumu, na mimi sita. Vifaa ni jenereta, mashine ya kuchomelea ndogo, drili, grainda, stuli za kupandia na ngazi mbili. Mpaka sasa nakodi kirikuu kila nikihamisha saiti na nimechoka, nataka Hilux ya dizeli iliyotumika. Roho inataka dabo kebini ili vijana wakae ndani kama watu, ila kuna jamaa ananiambia nitajuta kwenye mzigo, nichukue singo. Waliotumia zote mbili nisaidieni.

Mtoto_wa_Yadi
Chukua dabo usijiulize mara mbili. Singo utaendesha wewe na saidia fundi mmoja, wengine watapanda daladala wafike saiti saa nne wakisingizia foleni. Kuhusu mzigo ni uoga tu, unaenda kwa fundi springi anakuongezea majani mawili kila upande, inabeba sawasawa na singo. Nimeona watu wanapiga nayo tani moja na nusu na inadunda.

MzeeWaChesi
Kijana hapo kwenye majani umesema nusu. Majani yanazuia gari lisikae chini, hayaongezi nguvu ya chesi. Mimi nanyoosha chesi miaka mingi sasa na dabo kebini zilizopinda zinazoletwa kwangu karibu zote zimeongezwa springi au zimefungwa puto za upepo nyuma, maana mwenye gari akiona halijainama anadhani halijazidiwa, kumbe ule uzito wote unaishia kwenye chesi pale nyuma ya kebini.

FundiDari, elewa hivi. Hilux singo na dabo za umri mmoja urefu wake kwa nje unakaribiana sana, tairi ya mbele mpaka ya nyuma ni karibu kipimo kilekile. Kebini ndiyo inakula bodi. Singo bodi yake ni kama mita 2.3, dabo kama mita 1.5. Kwa hiyo kwenye singo mzigo mwingi unalala mbele ya ekseli ya nyuma, tairi zote nne zinagawana, lakini kwenye dabo bodi limekaa juu ya ekseli na sehemu kubwa inaning'inia nyuma yake, ukipakia vibaya linafanya kazi kama pembea. Utajua tu ukiwa barabarani, usukani unakuwa mwepesi, usiku wanaokuja mbele wanakuwashia taa wakidhani umewasha fulu kumbe pua ndiyo imenyanyuka.

Na ukienda kununua, simama ubavuni uangalie ule mwanya kati ya kebini na bodi. Kama juu ni mpana na chini umebana, hiyo imeshapinda, iache hapohapo hata kama rangi inang'aa.

Mtoto_wa_Yadi
Sawa mzee, lakini hizo ni za watu wanaozidisha. Mtu akibeba tani yake moja kama ilivyoandikwa hawezi kupinda.

MzeeWaChesi
Tani moja hiyo na abiria wamo ndani yake, ndicho watu wanachosahau. Toa kadi ya gari, chukua uzito wa juu kabisa utoe uzito wa gari tupu. Dabo moja niliyonayo hapa gereji ni 2,810 kutoa 1,860, inabaki 950. Sasa weka watu watano wa kilo 75, hao ni 375. Zimebaki 575. Jenereta lake kama 80, mashine 25, ngazi na stuli na masanduku ya vifaa tuseme 120. Umebaki na 350, yaani mifuko saba ya saruji basi. Jipsamu nyembamba moja inacheza kilo 20, hesabu mwenyewe bodi ngapi.

FundiDari
Kumi na saba 😳 na chumba na sebule tu nabeba thelathini.

Mama_Saiti
Kaka mimi niko kwenye umaliziaji kama wewe, ila zaidi vigae na rangi, nimeanza na singo sasa nina dabo, na sijarudi nyuma. Nikwambie kwa nini, na sio mambo ya kukaa kama watu.

Nilikuwa napakia vijana bodini. Wanne nyuma, vifaa nyuma, jenereta kati halikufungwa maana tulikuwa na haraka na ilikuwa mvua inataka kunyesha. Mbezi pale bajaji ikanikatia, nikashika breki, jenereta likateleza kwenye bati likaenda kumbana kijana mmoja mguu kwenye ukuta wa bodi, kifundo kikavunjika. Hapo gari halijagusa kitu, hakuna ajali, breki tu. Nilivyoenda kwa watu wa bima swali la kwanza, kadi inasema abiria wangapi? Watatu. Walikuwa wangapi kwenye gari? Sita. Mazungumzo yakaishia hapo. Matibabu mfukoni kwangu, miezi mitatu namlipa kijana amekaa nyumbani, na mama yake kila Jumapili ananipigia. Trafiki wa 30,000 ni mdogo sana mbele ya hiyo.

Kwa hiyo unapolinganisha singo na dabo usihesabu kama singo inabeba watu sita. Singo inabeba wawili au watatu basi, wengine wana nauli yao.

Faida nyingine ya dabo hakuna anayeisema, ni kile kiti cha nyuma. Vijana wakishuka saiti, drili na grainda zinakaa ndani, nafunga milango naenda dukani. Kwenye singo nimeibiwa drili mbili kwenye foleni, bodini, turubai limefungwa vizuri kabisa, walichana na wembe. Ila usiweke vitu vizito kitini bila kufunga ukiwa unatembea, breki moja inakufuata kisogoni.

Kirikuu_Damu
Mnamtesa bure mwenzenu. Kirikuu bodi lake ni kama mita 1.9, refu kuliko hiyo dabo kebini mnayoisifia 😂 Anunue kirikuu yake mwenyewe, vijana awape nauli, hela inayobaki ajenge.

FundiDari
Kweli hata hilo la urefu sikulijua. Ila kirikuu ninayokodi ikipanda na bodi thelathini inalia.

MzeeWaChesi
Lazima ilie, imetengenezwa kwa kilo 350 na wewe unapandisha 600. Lakini kwa safari mbili mbili kwenye lami hana hoja mbaya huyo.

mkulima_wa_mombo
Samahani naingilia, mimi nataka ya shamba na familia, dabo kebini ya otomatiki inafaa kupanda Lushoto au nichukue manyuo? Na ulaji wa mafuta ukoje

Mama_Saiti
Ndugu hapa tunaongelea mafundi na mzigo, lakini manyuo kwa milima. Haya tuendelee.

mjengo_254
Niko Mombasa, kazi ni mabomba. Mimi nilikaa na dabo miaka minne. Watu wanasema dabo haibebi vitu virefu, si kweli kwa vitu vyepesi. Nilichomelea keria ya chuma kutoka juu ya kebini hadi mwisho wa bodi, bomba la mita 6 linalala hapo na linatokeza kidogo mbele na nyuma, sawa tu na singo kwa sababu gari ni urefu uleule, kama mzee alivyosema. Hakikisha tu miguu ya keria imeshika kwenye bodi, usiitegemeze paa la kebini, yangu ya kwanza ilibonyeza paa na maji yakaanza kuingia kwa mlango.

FundiDari
Blandaringi za futi 12 naweza kuweka juu hivyo, sawa. Shida yangu ni jipsamu zenyewe. Haziendi kwenye keria, upepo na mvua utazimaliza.

MzeeWaChesi
Hapo sasa ndipo kazi yako inatofautiana na ya huyo wa mabomba. Bodi ya jipsamu ni mita 1.22 kwa 2.44. Upana hakuna shida, inapita juu ya madundo ya tairi, weka mbao mbili tatu chini zilingane na hayo madundo. Urefu kwenye singo unafungua mlango wa nyuma, zinatokeza sentimita kumi na kitu, zimelala zote. Kwenye dabo karibu mita nzima iko nje ya bodi, ule mlango ukiufungua unashika nusu yake tu, inayobaki inapigapiga kila tuta.

Mama_Saiti
Hapo nakubali kwa asilimia mia. Mara moja nilibebea jirani jipsamu kwenye dabo yangu, Kibada kwenda Kisarawe 2, ile barabara ya vumbi. Tulivyoshusha, bodi za juu zilikuwa nzima kwa macho, ukizinyanyua zinakunjika katikati kama chapati, karatasi imeshika ila unga ndani umekatika. Fundi alizifunga hivyohivyo dari, baada ya wiki mbili mistari ikajionyesha kwenye rangi. Tangu hapo jipsamu nawaambia duka walete wenyewe, wengi wanaleta ukichukua za kutosha.

FundiDari
Ngoja, hiyo ndiyo kama inanifungua. Nikiagiza jipsamu ziletwe na duka, gari langu linabaki la watu na vifaa tu. Kwa hesabu ya mzee hapo dabo inatosha, nabaki na kilo 350 za putii, skrubu na mbao.

Mtoto_wa_Yadi
Si nilisema dabo 😎

MzeeWaChesi
Ulisema dabo na majani mawili. Majani usiongeze. Fundi, jenereta lisukume hadi ligusane na kebini, lisikae mlangoni, na ulifunge kwa mkanda wa kukaza, kamba ya katani inalegea. Ila mimi bado ningekuwa wewe ningefikiria singo, saiti moja inakaa wiki mbili tatu, vijana wanahamishwa mara ngapi? Bodi unahitaji kila ukinunua kitu.

Mama_Saiti
Mzee wewe hujawahi kusubiri vijana feri ya Magogoni saa moja asubuhi mteja anapiga simu. Nauli yenyewe, watu watano kwenda na kurudi 2,000 kila mmoja, siku 26, ni 260,000 kwa mwezi.

MzeeWaChesi
Na tofauti ya bei ya dabo na singo unalipa hizo nauli muda gani, umepiga? Mi sijapiga, nauliza.

mjengo_254
Kuna ile kebini ya katikati pia, yenye viti vidogo nyuma, bodi kama mita 1.8. Kwa watu wazima safari ndefu magoti yanauma, lakini vifaa vinakaa ndani salama.

FundiDari
Hiyo naona ni kukosa huku na huku. Jumamosi naenda yadi na futi kamba, nitapima mwanya wa kebini kama mzee alivyosema na nitaomba nione kadi kabla ya kuuliza bei.

Kirikuu_Damu
Swali dogo. Umesema watano na wewe sita. Dabo ina viti vitano, na cha kwako dereva kimo humo humo. Wa sita anakaa wapi?

FundiDari
Eeh. Yupo mmoja ana bodaboda yake 😅 itabidi nimwekee mafuta.